Kepsheni ya mtoto kufikisha miaka 18: niliyowaambia wazazi

Wazazi wenzangu, wakubwa shikamooni, wengine wote habari za saa hizi. Nimeambiwa niongee kwa kifupi na mimi kifupi sikiwezi, kwa hiyo mnivumilie kidogo. Mada yangu inaonekana ndogo, wengine mtasema huyu kakosa cha kuongea, lakini humu ndani kuna watu kama wanne wameshaniuliza kitu kilekile kwa wiki tofauti: mtoto wangu anafikisha 18, nataka kuposti, niandike nini? Basi leo nijibu wote kwa pamoja.

Na nianze na hiyo namba yenyewe kwa sababu hapo ndo kepsheni nyingi zinapoharibikia. Mtu anaandika "leo umekuwa mtu mzima" utafikiri kuna kitu kilitokea usiku, kijana kalala mtoto kaamka mzee. Hakuna kilichotokea usiku jamani. 18 ni namba ya kisheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kwenye ibara yake ya kwanza kabisa, unasema mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kama sheria inayomhusu inamhesabu mtu mzima mapema zaidi. Na hata hiyo 18 haikuwa hivyo siku zote, Uingereza ilikuwa 21 mpaka Januari 1970, Japani walikuwa na 20 na wameshuka kuja 18 juzi tu, Aprili 2022. Yaani kuna vijana wa Kijapani wa miaka 18 na 19 walilala watoto wakaamka watu wazima wote siku moja, bila hata kuwa na bethdei.

Kwa hiyo kilichobadilika ni nini? Kwa sehemu kubwa ya dunia kinachobadilika ni saini. Jana saini yake peke yake kwenye mkataba ilikuwa haina nguvu kamili, ilikuwa inaitafuta ya kwako, leo inatosha. Anaweza kukopa na akadaiwa yeye. Anaweza kukubali matibabu au kukataa, na daktari atamuuliza yeye kabla ya kukuuliza wewe. Hiyo ndo habari ya siku hiyo, na mzazi akiishika hiyo tu, kepsheni inajiandika. Akiikosa anaishia kwenye maneno ambayo ungeweza kuyaposti mtoto akifikisha 7, au 30, au akihitimu, au hata kwa mtoto wa jirani.

Sasa twende kwenye mfano maana maneno matupu hayasaidii. Kuna mama mmoja alinitumia rasimu yake, na amenikubalia niisome ila nisiseme ni nani, na msiangaliane. Aliandika hivi, nasoma kama ilivyo:

"Hepi bethdei mwanangu kipenzi, leo tarehe hii umetimiza miaka 18, siamini, juzi tu nilikuzaa saa tisa usiku kwa uchungu wa siku mbili daktari akasema mmoja wenu hatapona, ulikuwa mtoto wa kuugua ugua na kukojoa kitandani mpaka darasa la tatu lakini Mungu ni mwema, nimejinyima mengi ili usome, najua hutaniangusha, sasa umekuwa mtu mzima jiheshimu, epuka makundi mabaya, wanaume wapo tu hawaishi, ila kwangu utabaki kuwa beibi wangu siku zote."

Mmecheka, lakini semeni ukweli, nusu yenu mna kama hiyo kwenye simu. Na mimi siidharau, imeandikwa kwa mapenzi na machozi, hilo linaonekana. Shida ni nyingine. Hebu angalieni ni nani anayeonekana humo ndani. Uchungu wa siku mbili ni wa mama. Kujinyima ni kwa mama. Wasiwasi wa wanaume ni wa mama. Binti mwenyewe ametokea sehemu moja tu, kakojoa kitanda. Kepsheni ya kutangaza utu uzima wa mtu, na kitu pekee alichofanya yeye humo ndani ni hicho, na itasomwa na wenzake wote anaosoma nao.

Halafu kuna lile la kujinyima. Naelewa kabisa linatoka wapi, mzazi amebeba mzigo miaka 18 na siku hiyo anataka mtu aseme ahsante. Lakini ukiliandika hadharani mbele ya watu mia tatu linasomeka kama ankara, mtoto anapewa jumla ya deni siku ileile sheria inamwambia sasa unaweza kudaiwa. Atajibu "ahsante mama nakupenda" na vikopa vitatu kwa sababu hana jibu jingine analoweza kuliweka pale.

Na hiyo ya mwisho, "kwangu utabaki beibi", karibu kila mtu anaiandika, mi siipendi na nasema wazi. Umeandika aya nzima kumpa mtu kitu, sentensi ya mwisho umemnyang'anya. Kama unaihisi, na wote tunaihisi, mwambie jikoni.

Basi nikamuuliza huyu mama swali moja, na hili swali ndo naomba muondoke nalo: mwezi huu mwanao amefanya kitu gani ambacho mwaka jana ungekifanya wewe? Nikasisitiza, sitaki tabia, sitaki "mpole, mchapakazi, mcha Mungu", nataka kitu kimoja alichofanya kwa mikono yake. Akafikiria weee, akaanza, ananisaidia nyumbani, nikasema hapana, kitu kimoja. Akanyamaza, alafu akasema kuna fomu.

Fomu gani? Binti alikuwa anajaza fomu ya kujiunga na chuo, mezani, mama kakaa pembeni na kalamu yake kama alivyozoea tangu mtoto yuko shule ya awali, maana kila karatasi ya shule ina sehemu ya mzazi kusaini. Binti anajaza, anajaza, kafika pale palipoandikwa jina na saini ya mzazi au mlezi, kwa mwombaji aliye chini ya miaka 18. Akasoma. Akachukua rula, akapiga mstari mmoja pale kwenye nafasi, akaenda kipengele kinachofuata. Hakumwangalia hata mama yake, sio kwa dharau, alikuwa tu anajaza fomu. Mama akaifunika kalamu yake akairudisha kwenye pochi.

Jamani. Si ndo hiyo? Kila kitu kipo pale, sheria ipo, miaka 18 yote ya kusaini ipo, mtoto yupo na anafanya kitu, na mama yupo pia bila kujisifia wala kulia. Tukaiandika upya, na iliishia hivi:

"Juzi ulijaza fomu peke yako. Ulipofika pale pa jina la mzazi au mlezi ukapiga mstari, ukaendelea. Nilikuwa nimekaa pembeni na kalamu yangu mkononi. Toka umeanza shule kila karatasi yako imepita kwangu, nyingine nilizisaini usiku umeshalala na begi lako liko mlangoni. Sasa utasoma mwenyewe na utasaini mwenyewe, na wewe unasoma mpaka yale maandishi madogo ya chini, nimekuona. Ukitaka mtu wa kusoma na wewe, niite. Hongera ya 18 mwanangu. Mama."

Niseme kwa nini imeanza na fomu na sio na hepi bethdei. Instagram inakuruhusu kepsheni mpaka herufi 2,200, ni nafasi kubwa tu, lakini mtu anayepita haraka anaona kama herufi 125 za mwanzo hivi, zingine zinafichwa mpaka abonyeze. Sasa kama hizo 125 zako zote ni "hepi bethdei kipenzi changu siamini muda unavyokwenda" basi umezimaliza na hajajua chochote kuhusu mwanao. Sentensi mbili za mwanzo za hii ya pili zinaingia zote humo ndani, na mtu akifika kwenye "ukapiga mstari" anataka kujua mama alifanyaje. Ile hongera ikae chini, haikimbii.

Na mmeona urefu. Tulianza na mambo kama kumi, tumebaki na moja. Wengi mnapoteza usingizi mkitafuta namna ya kukusanya miaka 18 kwenye posti moja, haikusanyiki. Chukua dakika mbili za mwezi huu, zinatosha. Kama mwanao hajajaza fomu yoyote kuna mengine, labda ameongea mwenyewe na daktari na wewe umekaa kwenye benchi nje, labda amekataa kitu ulichotaka akubali na akakupa sababu za maana ukakosa pa kushika. Hiyo ya kukataa ni nzuri sana kama una kifua cha kuiandika.

Ushauri, yaani jiheshimu, epuka makundi, tutautoa kwenye kepsheni kabisa. Sio kwamba ushauri ni mbaya. Ila ukimwambia mtu hadharani "epuka makundi mabaya", wanaosoma wanaanza kujiuliza kwani kuna nini. Muandikie barua, au meseji ndefu ya kwake peke yake, na huko andika hata kurasa tano, mueleze mambo ya mikopo, mueleze kwamba sasa hivi akimdhamini rafiki yake kwenye deni na rafiki akakimbia, yeye ndo atatafutwa. Hayo ndo mawaidha ya 18 kwa kweli, kuliko wanaume wapo tu hawaishi.

Sasa sehemu ambayo nisipoisema nitakuwa sijawatendea haki. Huyu mama alitaka picha ya posti iwe ile fomu yenyewe. Wazo zuri kabisa, ila fomu ina jina kamili la binti, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, na jina la mama. Akaniambia si tatizo, nimezipaka rangi nyeusi kwa simu. Nikaangalia, alikuwa ametumia ile peni ya kukolezea maandishi, inayopitisha mwanga kidogo. Ile kwa macho unaona giza, lakini mtu akiipeleka picha kwenye programu ya kuhariri akaongeza mwangaza, maandishi yanarudi. Kama lazima ufiche kitu kwenye picha, kata hicho kipande kabisa kiondoke, au weka boksi la rangi nzito isiyopitisha kitu, alafu piga skrinshoti upya utume hiyo. Lakini kwa fomu, na kwa kitambulisho kipya, na kwa leseni, jibu langu ni usiposti tu. Najua vijana wenyewe wanapenda kuposti kitambulisho siku hiyohiyo wanayokipata, na wazazi nao wanashea. Usishee.

Na hata bila fomu, angalieni kepsheni yenyewe inatoa nini. Ukiposti siku yenyewe, ukaandika 18, umetoa siku, mwezi na mwaka, mtu anatoa tu hesabu. Ukimtagi, umetoa jina. Kama ukoo wako wa kuzaliwa uko kwenye jina la akaunti yako, umetoa na lile jibu la swali la usalama tunalolijua wote, jina la ukoo wa mama. Hospitali aliyozaliwa, ambayo watu wanaitaja kwa kushukuru, ni mahali pa kuzaliwa. Ukivikusanya hivyo vyote ndo vitu ambavyo mtu wa huduma kwa wateja anakuulizaga kwenye simu kuhakikisha ni wewe. Alipokuwa na miaka 10 haikuwa na faida sana kwa tapeli kwa sababu mtoto hakopeshwi. Leo anakopeshwa. Yaani siku ileile jina lake limepata thamani kwenye mkopo ndo siku tunayoimwaga hadharani.

Simaanishi msiposti. Huyu mama aliposti siku tatu baadaye, kwenye orodha ya watu wake wa karibu, hakumtagi, hakuandika tarehe wala "leo". Rudini muangalie ile kepsheni, "leo" haimo, imeandikwa "juzi", na hakuna mtu aliyeona pengo. Jina la chuo pia halimo. Wanaomjua binti walijua ni nani, na wasiomjua hawakuhitaji kujua.

Sasa, kabla ya kubonyeza kitufe, kuna kitu ambacho wengi hatukukifanya kwa miaka 17 na safari hii lazima. Unamwonyesha. Hapa baba mmoja aliwahi kunikatalia akasema itaharibu sapraizi. Nikamwambia sapraizi umpe keki au safari, maisha yake sio kitu cha kumfanyia sapraizi mbele za watu. Tumewaposti toka wana wiki moja, hawakuulizwa kwa sababu hawakuwa na mdomo, sawa. Leo ana mdomo na ana sheria. Mwaka 2020 kule Uholanzi kuna bibi alipelekwa mahakamani na binti yake mwenyewe kwa sababu ya picha za wajukuu alizoziweka mtandaoni bila ruhusa, na mahakama ikamwamuru azitoe. Wajukuu wale walikuwa bado watoto, aliyekuwa na neno ni mama yao. Mwanao wa 18 neno ni lake.

Na ukimwonyesha usimuulize "ni nzuri eh?" maana atasema nzuri. Mpe simu, mwambie futa chochote, alafu nenda kaoge. Huyu binti alifuta vitu viwili. Mama alikuwa ameandika mwishoni aina ya kozi anayoiombea, binti akaitoa kwa sababu alikuwa hajapata majibu, na akikosa hataki watu mia waanze kumuuliza ilikuwaje. Mama hakuwahi kufikiria hilo kabisa. Na akabadilisha picha, mama alichagua ile ya kwenye beseni ana miezi minane hana nguo, unajua zile, binti akaweka ya mwaka huu akiwa anacheka kageukia dirishani. Lakini ile ya kuonwa akisoma maandishi madogo ya chini hakuigusa. Mama aliniambia alidhani ndo itafutwa ya kwanza.

Komenti sasa, hizo hamzifikirii. Kepsheni yako umeisafisha vizuri, anakuja shangazi mtu anaandika "huyu si ndo yule aliyekuwa anakojoa mpaka darasa la tatu jamani hongera". Yote uliyoyatoa yamerudi kupitia mlango wa nyuma. Komenti kama hiyo futa, na usianze kumjibu pale chini, mpigie simu shangazi umwambie kwa heshima, shangazi nimeitoa ile, binti haipendi. Atanuna siku mbili. Na wakianza kuandika "sasa tunasubiri harusi", hapo utapima mwenyewe, mi huwa nafuta pia.

Kuna mzee pale nyuma ameinua mkono muda mrefu nadhani najua anachotaka kuuliza. Eeh mzee, karibu... Anauliza, je mtoto akikataa kabisa, akisema hataki posti yoyote?

Basi huposti, mzee wangu. Lakini kepsheni usiitupe. Ile ya yule mama, ukiisoma tena, hakuna mahali inaongea na watu, mwanzo mpaka mwisho inasema wewe, wewe, wewe. Itume kwake kama meseji, hivyohivyo ilivyo, asubuhi kabla hajaamka. Na huko unaruhusiwa kuandika tarehe, hospitali, saa tisa usiku, na hata ile ya beibi kama imekushinda kabisa.